Mambo Matatu Madogo: Kapsheni ya Siku Njema na Kauli ya Kutendewa

Miongoni mwa tungo fupi zilizoenea katika Kiswahili tangu simu ya mkononi ianze kubeba kamera na mtandao pamoja, imo moja ambayo wahakiki wameipita kama wapitao kibanda cha njiani. Ni maelezo yaandikwayo chini ya picha, ambayo vijana wa Kenya huyaita kapsheni, na hasa yale yanayojengwa kwa orodha ya mambo matatu madogo yaliyoifanya siku iwe njema. Umbo lake linajulikana. Kuna picha, mara nyingi ya kitu cha kawaida kama kikombe, barabara au anga la jioni. Kuna sentensi moja ya kutangulia inayotangaza kwamba mambo ni matatu. Kisha hufuata mambo yenyewe, kila moja katika mstari wake, na baada ya la tatu utungo umekwisha. Hakuna hitimisho wala maelezo ya zaidi.

Makala haya hayakusudii kujibu swali la iwapo utungo huo ni fasihi au si fasihi. Swali hilo liliwahi kuulizwa kuhusu jina la kanga, na muda mwingi ulipotea kabla ya watu kukaa chini na kulisoma jina lenyewe. Linalokusudiwa hapa ni jambo dogo zaidi na gumu zaidi, yaani kuchunguza iwapo orodha hii, iliyoingia katika Kiswahili kutoka nje, inaweza kusimama kwa miguu ya lugha yenyewe, au itabaki kuwa Kiingereza kilichovikwa maneno yetu. Hoja itakayotetewa ni kwamba inaweza, na kwamba njia yake inapita katika kitenzi, na katika kitenzi inapita hasa katika kauli ya kutendewa. Mahali pa kuipimia hoja hiyo patakuwa Lwakhakha, mji mdogo wa mpakani katika kaunti ya Bungoma. Pamechaguliwa kwa sababu neno "dogo" hupata matatizo ya pekee mahali ambapo mto mmoja unagawa nchi mbili na fedha mbili.

Kwanza yafaa kujua orodha hii ilikotoka. Watu walihesabu mema ya siku tangu zamani, lakini umbo hili la mambo matatu kamili lilitiwa nguvu na jaribio lililochapishwa mwaka 2005 na Martin Seligman pamoja na wenzake watatu, Tracy Steen, Nansook Park na Christopher Peterson. Washiriki walipatikana kupitia mtandao. Kundi moja kati yao lilitakiwa kuandika kila usiku, kwa muda wa juma moja, mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo. Matokeo yalikuwa ya kutia moyo: waliofanya zoezi hilo walionekana kuwa na furaha zaidi na huzuni chache, na athari hiyo ilipimika hata baada ya miezi sita. Habari hiyo ilisambaa katika vitabu vya ushauri, katika madarasa na katika magazeti, hata ikawa desturi ya watu wasiojua kwamba palikuwa na jaribio lolote.

Lakini katika kusambaa huko kitu kimoja kilidondoka njiani, na ndicho kiini cha uhakiki huu. Washiriki wa mwaka 2005 hawakuambiwa waandike mambo matatu peke yake. Waliambiwa waandike pia sababu ya kila jambo: kwa nini lilitokea? Zoezi lilikuwa na safu mbili. Katika safu ya kwanza mtu aliandika, kwa mfano, kwamba mgonjwa wake amepata nafuu. Katika safu ya pili alilazimika kufikiri ni nani au ni nini kilicholeta nafuu hiyo. Kapsheni imeichukua safu ya kwanza na kuiacha ya pili. Aidha, zoezi lilikuwa la daftari la usiku, lisilosomwa na jirani, ilhali kapsheni huandikwa ili isomwe. Kwa hiyo kilichotufikia ni nusu ya umbo, nacho kimehamishwa kutoka chumbani hadi barazani.

Yapo mengi yanayoweza kusemwa kuhusu tarakimu ya tatu, lakini hayahitaji muda mrefu. Mwaka 1909 Axel Olrik, mtaalamu wa Denmark, alieleza sheria za masimulizi ya jadi, na mojawapo ni sheria ya tatu: ndugu ni watatu, majaribio ni matatu, milango ni mitatu. Aliongeza sheria nyingine ambayo ina maana kubwa zaidi kwetu, kwamba katika mfululizo wa vitu vitatu uzito huwekwa mwishoni, kama shehena iliyopakiwa katika tezi la chombo. Mwaka huohuo Otto Behaghel alionyesha kwamba hata katika sentensi ya kawaida viungo virefu hupendelea kukaa nyuma ya vifupi. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda Ulaya kuamini hayo. Chungu hukaa juu ya mafiga matatu, na kila mpishi ajua kwamba figa la tatu ndilo linaloamua iwapo chungu kitatulia au kitainama.

Hapa simu inaleta shida yake. Katika Instagram maelezo ya picha yaweza kufika alama 2,200, lakini msomaji huonyeshwa mwanzo wake tu, na sehemu iliyobaki hufichwa nyuma ya neno more mpaka aliguse. Mtunzi akianza na utangulizi mrefu, figa la tatu hubaki nyuma ya pazia, na wasomaji wengi hawataliona. Hiyo ni sababu moja ya kufupisha, na si sababu ya kisanaa. Hata hivyo mipaka ya namna hiyo si mipya katika utunzi. Jina la kanga nalo halikufupishwa na falsafa. Lilifupishwa na upana wa kitambaa.

Shida iliyo ya Kiswahili hasa huanza katika neno "madogo". Kiingereza hueleza udogo kwa kivumishi, na kivumishi hicho hubeba upendo: jambo dogo ni jambo la kupendeza. Kiswahili kina njia mbili. Njia ya kwanza ni ngeli ya ki-vi, ambayo hupunguza kitu kwa kukibadilisha umbo: mtoto akawa kitoto, mlima ukawa kilima. Lakini kiambishi hicho mara nyingi hupunguza heshima pamoja na ukubwa. Kijitu si mtu mdogo tu, bali ni mtu asiyestahili kutazamwa. Mambo yakipunguzwa kwa njia hiyo huwa vijimambo, na vijimambo ni visa vya uchochoroni, umbeya na hila ndogondogo. Mtu anayeandika kwamba vijimambo vitatu vimeipamba siku yake atakuwa amewaahidi wasomaji kitu tofauti kabisa, na huenda wakafika wengi kuliko alivyotarajia.

Njia ya pili ni kivumishi "-dogo", ambacho ndicho hutumiwa: "mambo madogo matatu", au "mambo matatu madogo". Hakidharau, lakini pia hakipendi. Kinapima tu. Tena kina tabia ya kumwuliza msomaji swali: madogo kwa kupimwa na nini? Katika orodha ya Kiingereza swali hilo halisikiki, kwa kuwa udogo umekwisha kuwa mtindo. Katika Kiswahili linasikika, na mtunzi mzuri hulijibu ndani ya mambo yenyewe. Ndiyo maana katika tungo nyingi zilizofanikiwa neno hilo halimo kabisa. Udogo unaonekana katika kitu kilichotajwa, na utangulizi husema tu mahali na siku.

Ili mambo haya yasielee hewani, mifano miwili imetungwa hapa kwa ajili ya uchambuzi. Si ya mtu yeyote aliyepo. Mfano wa kwanza unafuata mtindo ulioenea:

Mambo matatu madogo yaliyoifanya siku yangu:
1. Chai ya asubuhi.
2. Mvua kidogo.
3. Kicheko cha rafiki.

Mfano wa pili umewekwa chini ya picha ileile, tuseme picha ya barabara ishukayo kuelekea mtoni na Mlima Elgon ukiwa nyuma yake, ambao Wabukusu na ndugu zao wa ng'ambo huuita Masaba:

Leo, Lwakhakha.
Nimevushwa mto kabla ya mvua.
Nimerudishiwa noti ya elfu mbili niliyoisahau jana dukani.
Nimeitwa na mama nisiyemjua kwa jina la nyanya yangu.

Tofauti ya kwanza inayoonekana ni kwamba mfano wa kwanza ungeweza kuandikwa Kitale, Muscat au Leeds bila kubadilisha hata nukta. Kosa hilo ni la kweli, lakini ni kosa la maudhui, na wahakiki hulitaja upesi mno wakidhani wamemaliza kazi. Mtu angeweza kulirekebisha kwa kuongeza majina ya mahali, akaandika "chai ya asubuhi Lwakhakha", na utungo ukabaki maiti kama ulivyokuwa. Kasoro kubwa iko katika fani. Mambo yote matatu ni nomino, na nomino haina mtendaji. Chai ipo, mvua ipo, kicheko kipo. Nani aliyeichemsha chai? Kicheko kilitoka wapi? Safu ya pili ya zoezi la mwaka 2005, ile ya sababu, haimo, na hapana mahali katika sentensi ambapo ingeweza kuwekwa.

Hata sentensi ya utangulizi imevunjika mguu. "Yaliyoifanya siku yangu" ni Kiingereza kilichobebwa neno kwa neno. Katika Kiswahili kitenzi "fanya" kinapochukua kitu kama siku hudai kiambiwe kitu hicho kilifanywa nini: kiwe nini? Siku ilifanywa iwe njema, iwe fupi, iwe ndefu? Bila kitenzi cha pili msikilizaji hubaki amenyoosha mkono.

Mfano wa pili hauna nomino iliyosimama peke yake. Kila mstari unaanza na kitenzi, na kila kitenzi kiko katika hali ambayo mtunzi ni mpokeaji, wala si mtenda. Uzuri wa jambo hili unaonekana katika mstari wa pili, na neno "nimerudishiwa" lastahili kufunguliwa polepole. Mzizi ni "rudi": kitu kimekuja kilikotoka. Kiambishi cha kusababisha kinapoongezwa, "rudisha", anaingia mtu wa pili, kwa sababu noti haina miguu na lazima awepo aliyeirejesha. Kinapoongezwa kiambishi cha kutendea, "rudishia", anaingia mlengwa: imerejeshwa kwa ajili ya mtu fulani. Kiambishi cha kutendwa kinapofunga neno, "rudishiwa", huyo mlengwa anapewa kiti cha mbele, na mrejeshaji anarudi nyuma bila kuondoka. Kwa neno moja msomaji amejua kwamba noti imerudi, kwamba kuna mtu aliyeirudisha, kwamba aliirudisha kwa makusudi, na kwamba anayesimulia hakufanya lolote ila kupokea.

Hiyo ndiyo safu ya pili iliyopotea. Katika lugha ambayo zoezi lilitungiwa, sababu ilihitaji sentensi ya ziada, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kuidondosha pale nafasi ilipokuwa finyu. Katika Kiswahili sababu imo ndani ya mnyambuliko wa kitenzi, nayo haiwezi kudondoshwa bila kukivunja kitenzi chenyewe. Mwenye kuandika "nimepunguziwa nauli" amekwisha kueleza kwa nini nauli ilikuwa nafuu. Mwenye kuandika "nauli nafuu" ametaja bei tu.

Njeo nayo ina kazi. Wengi huandika kapsheni kwa -li-, kwa kuwa Kiingereza husimulia siku iliyopita kwa wakati uliopita. "Nilirudishiwa noti" ni habari iliyofungwa. Yaweza kuwa ya mwaka jana. "Nimerudishiwa noti" ina noti mfukoni. Wakati timilifu wa -me- huacha tokeo likiwa bado lipo wakati wa kusema, na hiyo ndiyo hali ambayo kapsheni inadai: siku haijaisha, picha ingali mkononi, na wema wa siku bado haujageuka kuwa kumbukumbu. Mtunzi akiteleza na kutumia hu-, kama "hurudishiwa", siku yenyewe imepotea na mahali pake imekuja tabia.

Sasa turudi kwenye udogo, na hapa Lwakhakha inasaidia kuliko mji mwingine wowote. Mto Lwakhakha ndio mpaka. Upande wa mashariki ni Bungoma, na upande wa magharibi ni Uganda, katika wilaya ya Namisindwa, ambako nako kuna kituo chenye jina hilohilo la Lwakhakha. Wabukusu wa upande mmoja na Wamasaba wa upande mwingine husikilizana kwa lugha zao. Fedha ndizo zisizosikilizana. Zote mbili huitwa shilingi, lakini kwa miaka mingi sasa shilingi moja ya Kenya imekuwa ikibadilishwa kwa zaidi ya shilingi 20 za Uganda. "Noti ya elfu mbili" basi ni nini? Msomaji wa Uganda anaijua noti hiyo, nayo ni ya matumizi madogo ya kila siku. Msomaji wa Nairobi ataona kiasi kikubwa cha fedha, na tena atashangaa kidogo, kwa sababu Kenya haina noti ya elfu mbili. Mstari mmoja umekuwa jambo dogo kwa ukingo mmoja na jambo kubwa kwa ukingo wa pili.

Je, hiyo ni kasoro? Wapo watakaosema kwamba mtunzi angeongeza neno "ya Uganda" na kuondoa utata. Kwa habari ya gazeti, naam. Kwa utungo huu, neno hilo lingeua kitu kilicho hai. Msomaji wa mpakani hahitaji kuambiwa, kwa kuwa yeye hubadilisha hesabu kichwani kila anapovuka, na kutokuambiwa huko ndiko kunakomfanya ajue kwamba anasemeshwa yeye. Msomaji wa mbali anayeduwaa mbele ya noti isiyokuwapo nchini mwake anagundua, bila kufundishwa, kwamba yuko mbali. Udogo umepata kipimo chake, na kipimo ni mto.

Mstari wa kwanza una kipimo kingine, nacho ni tarehe. Kuvuka daraja la Lwakhakha ni jambo la kila siku kwa mwenye shamba upande huu na shemeji upande ule. Lakini mwezi Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia katika eneo hili, Uganda ilifunga mipaka yake kwa abiria, na malori ya mizigo peke yake ndiyo yaliyoruhusiwa kupita. Kapsheni yenye maneno "nimevushwa mto" ikiandikwa katika majuma hayo ingekuwa na maana nyingine kabisa, na neno "dogo" lingekuwa kejeli, au pengine ungamo la kosa. Kwa hiyo utungo wa namna hii hauwezi kukatwa kutoka kwenye siku yake na kuwekwa katika diwani kama shairi. Mkusanyaji asiyehifadhi tarehe amehifadhi ganda.

Mstari wa tatu ndio uliobeba uzito wa tezi. Mistari miwili ya kwanza ina faida inayohesabika: nguo hazikulowa na fedha hazikupotea. Wa tatu hauna faida yoyote. Mama wa njiani amemwona msichana na kumwita kwa jina la mtu mwingine, tena huenda ni jina la marehemu. Kwa jamii ambamo majina ya wazee hurithiwa na wajukuu, kuitwa hivyo ni kuambiwa kwamba sura imesafiri na imefika. Hakuna neno linalosema hivyo. Kitenzi "nimeitwa" ni cha kutendwa tu, bila kutendewa, na kupungua huko kwa viambishi kunasikika: baada ya "nimerudishiwa" lenye mzigo, lafuata neno jepesi, na mzigo wote unahamia katika jina. Yafaa kutaja pia kwamba neno "nyanya" litamsimamisha msomaji wa Tanzania, ambaye kwake nyanya ni ya kachumbari na bibi ndiye mzaa mama. Mtunzi wa Bungoma hana sababu ya kubadilisha, ingawa angeweza pia kuandika "kukhu", kama asemavyo nyumbani kwa Kibukusu, na mstari usingepoteza kitu.

Haya yote yasimfanye mtu adhani kwamba kauli ya kutendewa ni dawa. Ina hatari zake, na mojawapo yafunua jambo ambalo watetezi wa orodha ya siku njema hawapendi kulitazama. Kauli hii ndiyo kauli ya fadhila, lakini ndiyo pia kauli ya msiba. Mtu hupewa na hupunguziwa. Vilevile huibiwa, hufiwa na hunyeshewa. Mvua inaponyesha, hakuna mtendaji wa kushukuriwa, na kitenzi kinapofanywa "nimenyeshewa" kinamaanisha hasara tupu. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anaposikia "nime-" mwanzoni mwa mstari na "-iwa" ikikaribia mwishoni, hajui kama ataambiwa heri au shari mpaka mzizi umfikie. Orodha ya mema na orodha ya mabaya zina sura moja. Mlango ni uleule.

Hilo laweza kuonekana kuwa udhaifu wa lugha, lakini ni uaminifu wake. Salamu zetu zinafanya hivyohivyo. Mtu akiulizwa habari za leo hujibu kwamba ni nzuri, hata kama usiku uliopita hakulala. Wema wa habari ni adabu ya kufungulia mazungumzo. Kisha, baada ya nukta fupi, huja neno "ila": nzuri, ila mtoto ana homa, nzuri, ila ng'ombe hajaonekana. Hakuna anayemwona msemaji kuwa mwongo. Kila mtu anajua kwamba neno la kwanza lilikuwa la heshima na la pili ndilo la habari. Kapsheni ya mambo matatu ni jibu la swali hilohilo la habari za leo, lakini ni jibu lililokatwa kabla ya "ila". Mtunzi husema nzuri, hutoa ushahidi mara tatu, kisha hufunga mlango. Msomaji aliyelelewa katika salamu za Kiswahili huendelea kusubiri. Huenda hiyo ndiyo sababu kapsheni nyingi za namna hii humwachia ladha ya majigambo hata pale mtunzi alipokusudia kushukuru tu.

Orodha si lazima iwe hivyo. Sei Shonagon, mwanamke wa baraza la malkia wa Japani aliyeandika karibu na mwaka 1000, aliacha orodha nyingi za vitu vidogo, na wasomaji wamezipenda kwa karne kumi. Lakini yeye aliorodhesha ya kuudhi sambamba na ya kupendeza, wala hakuona haja ya kusawazisha idadi. Ni zoezi la tiba lililotaka mema peke yake, nalo lilikuwa na haki, kwa kuwa lilikuwa dawa na daftari lilikuwa la faragha. Umbo lilipotoka hadharani lilipaswa kutafuta upya uhusiano wake na ile sehemu nyingine ya siku.

Kiswahili kina kifaa cha kuufanya uhusiano huo bila kuongeza mstari wa nne, nacho ni -ka- ya mfuatano. Mfano wa pili ungeweza kuandikwa upya hivi, mstari wa kwanza ukibadilishwa:

Nimenyeshewa Chwele, nikakaribishwa.

Maneno ni matatu. "Ila" imetangulia badala ya kufuata: shari imekuja kwanza, kwa kauli ileile ya kutendewa, na heri imezaliwa kutoka ndani yake. Sababu ya kukaribishwa imo, kwa kuwa asingelowa asingeingizwa nyumbani kwa watu. Mwenye nyumba yumo bila kutajwa. Chwele nayo imo, soko lililo katika njia ya kutoka Bungoma kwenda mpakani, na mwenye kuijua njia hiyo anaweza kukadiria ni kiasi gani cha safari kilichokuwa kimebaki. Mstari huu haumwombi msomaji aamini kwamba siku ilikuwa njema tangu alfajiri. Unamwonyesha saa ambayo siku ilibadilika.

Pingamizi moja labaki. Yaweza kusemwa kwamba mtunzi wa kapsheni hana nafasi ya kufikiri viambishi; yuko ndani ya matatu, kidole kiko juu ya kioo, na abiria wa pembeni anachungulia. Pingamizi hilo halina nguvu kubwa, kwa sababu hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayefikiri viambishi anapolalamika kwamba ameibiwa. Kauli hiyo humjia kwa wepesi pale anapoumia. Linalohitaji mazoezi ni kuiruhusu imjie pia pale anapotendewa wema, badala ya kukimbilia orodha ya nomino ambayo ameiona katika lugha nyingine na kuidhani kuwa ndiyo sura pekee ya furaha. Mwalimu anayetaka kulijaribu jambo hilo darasani hahitaji vifaa. Awape wanafunzi picha moja, awaombe mambo matatu ya siku ya jana yake, na awakataze nomino kuanza mstari. Kisha ahesabu ni watu wangapi wengine wameingia katika karatasi ambayo, chini ya kanuni ya kawaida, ingekuwa na chai na mvua peke yake.